Jinsi ya Kupitia Rasimu ya Tangazo la Kazi Kabla Halijawafukuza Watu Unaowataka

Mara nne mwaka huu nimeletewa tangazo la kazi "lililokwisha kupitiwa", na mara zote nne kilichopitiwa kilikuwa tahajia tu. Herufi kubwa zimekaa mahali pake, nukta zipo, na lile sharti la digrii kwa kazi ya kupokea wageni wa vyumba vinane nalo lipo pale pale. Baadaye mwenye kazi hunung'unika kwamba Lamu haina watu. Watu wapo. Wamelisoma tangazo, wakajipima, wakaliacha.

Tutafuata tangazo moja tangu rasimu hadi lilipotoka. Ni la gesti moja ya Shela, kijiji cha ufukweni katika kisiwa cha Lamu. Mwenyewe, mzee ninayemwita Ami, amekubali nilitumie mradi nisiitaje nyumba. Rasimu yake ilikuwa hii:

> NAFASI YA KAZI. Anatafutwa msichana mwenye sura ya kuvutia, umri miaka 20 hadi 27, asiye na watoto wadogo, kwa kazi ya mapokezi. Awe na digrii ya hoteli na utalii na uzoefu wa miaka 5. Ajue Kiingereza, Kiitaliano na Kifaransa kwa ufasaha. Ajue kompyuta, mitandao na uhasibu. Awe mchangamfu, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo saa yoyote. Wakaazi wa Shela watapewa kipaumbele. Mshahara mnono kulingana na uzoefu. Tuma wasifukazi, vyeti vyote, picha ya mwili mzima na cheti cha tabia njema.

Lilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa wiki tatu. Zilikuja barua tisa, na Ami hakumwita mtu hata mmoja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rasimu iliyochapwa kwenye karatasi, mistari ikiwa mbalimbali. Kwenye simu utasoma haraka na kuruka maneno.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Daftari la wageni, au kumbukumbu yoyote inayoonyesha kazi ilivyokuwa katika miezi michache iliyopita.
- Mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, au anayeketi karibu nayo kila siku.
- Kiasi cha mshahara, kwa tarakimu, kutoka kwa mwenye kulipa.

Mshahara usipojulikana, usianze. Hatua ya tano haifanyiki bila huo, na kazi yote itakuwa ya kubahatisha.

## Hatua ya 1: Andika siku ya kazi, bila kulitazama tangazo

Geuza rasimu kifudifudi. Muulize yule mtu anayeijua kazi: asubuhi unaanza na nini? Halafu nini? Andika anavyosema, kwa vitenzi, na kadirio la muda.

Sababu ni kwamba matangazo mengi hayatokani na kazi. Yametokana na tangazo jingine, nalo limetokana na jingine, mpaka mwisho unakuta gesti ya vyumba vinane ina masharti ya hoteli ya vyumba mia mbili. Ukianza na rasimu utabaki unabishana na maneno. Kwa hiyo anza na siku ya kazi, ndiyo itakayokuwa kipimo chako.

Kwa Ami nilikaa na dada anayesimamia usafi wa vyumba, maana yule wa mapokezi alikuwa keshaondoka. Orodha ilitoka hivi: kujibu ujumbe wa wanaotaka vyumba, kama saa mbili kwa siku, kupokea wageni na kuwaonyesha vyumba, kuandika daftari na faili moja ya Excel, kupokea pesa taslimu na M-Pesa, kutoa risiti, na kufunga hesabu mwisho wa zamu, kupigia manahodha simu kupanga boti za uwanja wa ndege wa Manda, kuhesabu mashuka ya dobi, na yale maswali ya wageni yasiyokwisha, ya maji kujaa na kupwa, na wapi pa kula samaki.

Utajua umefaulu ukiwa na kazi sita hadi kumi, kila moja ikianza na kitenzi. Ukiona neno kama "kusimamia masuala ya wateja", rudi uulize, kwa sababu hapo kuna mtu anayekuficha kazi au asiyeijua.

Tahadhari: usimwulize mwenye kazi peke yake. Yeye atakueleza kazi anayoitamani.

## Hatua ya 2: Kila sharti lijieleze mbele ya orodha

Geuza rasimu sasa. Shika sharti moja moja na uulize: ni kazi gani kwenye orodha itakayokwama *siku ya kwanza* bila sharti hili? Kwa kalamu ya kwanza andika pembeni moja kati ya herufi tatu. S ni lazima siku ya kwanza. F ni atafundishwa hapa. T ni litoke.

Digrii ya hoteli: hakuna kazi inayokwama bila digrii. Aliyeondoka alikuwa na cheti cha Kidato cha Nne na alikaa miaka sita. T.

Kiingereza: S. Hapo hapana ubishi.

Kiitaliano na Kifaransa: hapa Ami alikaza. "Wageni wanatoka huko, mwanangu." Nikafungua daftari la wageni tukahesabu 60 wa mwisho. Watano walikuwa Waitaliano, watatu Wafaransa, na wote wanane walikuwa wamepanga chumba kwa Kiingereza. Lugha hizo ni faida, lakini kazi haikwami bila hizo. Lau gesti ingekuwa Malindi na daftari limejaa Waitaliano ambao hawasemi lugha nyingine, ningeandika S bila kusita. Sharti ni lile lile, jibu ni tofauti, na anayeamua ni daftari. Ndiyo maana nasema uwe nalo mezani.

Uhasibu: kazi halisi ni kufunga hesabu ya zamu, yaani pesa iliyoingia ilingane na risiti. Hiyo si uhasibu. T kwa neno, S kwa kitendo.

Uzoefu wa miaka mitano nimeuacha mwisho kwa makusudi. Nilimwuliza Ami: mtu wa mwaka wa tano anajua nini ambacho wa mwaka wa pili hakijui? Akafikiri kidogo. "Hakuna. Lakini wa miaka mitano hatatoroka." Basi hapo ndipo palipokuwa na kiini. Hakuwa akitafuta ujuzi. Alikuwa akiogopa kuachwa katikati ya Desemba, gesti imejaa.

Tangu siku ile nimekuwa na desturi: nikikutana na sharti lisilo na kazi nyuma yake, namwuliza mwenye tangazo anaogopa nini. Karibu kila sharti la ajabu limeficha hofu. "Asiye na watoto wadogo" ni hofu ya kuchelewa. "Wakaazi wa Shela" ni hofu ya boti. Hofu zenyewe huwa za kweli kabisa, ila sharti lililoandikwa haliziondoi. Mtu wa miaka mitano hutoroka vilevile akipata mshahara bora mahali pengine. Hofu ya kuachwa huandikwa kama ilivyo: "mkataba ni wa mwaka mmoja, na msimu wa Desemba hadi Machi hakuna likizo." Msomaji anaiona, anaamua.

Utajua umefaulu S zikibaki nne au tano. Zikizidi saba, rudi, maana kuna F ulizoziogopa.

## Hatua ya 3: Badilisha maneno yasiyoshikika kuwa vitendo

Kwa kalamu ya pili, zungushia kila neno ambalo watu wawili wanaweza kulielewa mbalimbali. Huna hakika? Msomee mtu neno hilo, kisha mwingine akiwa peke yake, na waulize: ukiajiriwa, utafanya nini kutokana na neno hili? Majibu yakitofautiana, neno halifai.

"Ajue kompyuta" nililisomea vijana wawili katika mtaa wa Langoni, Lamu mjini. Mmoja alisema ni kuchapa barua. Wa pili alisema ni kutengeneza kompyuta ikiharibika, akaongeza kwamba yeye hawezi, hivyo asingeomba. Yule wa pili anaweka hesabu za duka la babake kwenye Excel kila jioni! Tangazo lilikuwa limemfukuza mtu anayeijua kazi. Neno likawa: "awe anaweza kuingiza majina, tarehe na malipo kwenye jedwali la Excel lililokwisha tengenezwa."

Neno lisiloshikika lina ubaya huo. Wenye kujiamini kupita kiasi hulipita kwa urahisi, na waangalifu hulichukua kwa maana yake nzito kuliko zote, wakajiondoa. Kazi ya kushika pesa na funguo za wageni inamtaka mwangalifu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuacha kuomba kazi kwa neno "awe tayari kusafiri". Nilikuwa nikinyonyesha. Miezi baadaye nikasikia safari zenyewe zilikuwa za kuvuka hadi Mokowe, upande wa bara, na kurudi, mara moja kwa mwezi, kuchukua mizigo.

"Kufanya kazi chini ya shinikizo" limesafiri kutoka matangazo ya Kiingereza na huku halina mwenyewe. Niliuliza shinikizo ni lipi hasa. Jibu: ndege ikichelewa, wageni wa makundi mawili hufika pamoja, na boti ni moja. Basi andika hivyo hivyo. "Mchangamfu" liligeuka kuwa "kumpokea mgeni jetini, kumpa maji na kumwonyesha chumba ndani ya dakika 15." Mkimya aliye mkarimu sasa anajiona ndani ya tangazo, mwanzo alikuwa nje. "Mwenye kujituma" halikugeuka kuwa kitu. Likafutwa.

Tahadhari: usibadilishe neno moja lisiloshikika kwa jingine la aina yake. "Mchapakazi" badala ya "mwenye kujituma" ni kubadilisha kanzu, mvaaji ni yule yule.

## Hatua ya 4: Tafuta ubaguzi, wa wazi na wa kujificha

Kiswahili kimetupa msaada hapa ambao wengi hawautambui. "Awe", "ajue", "atume" hazisemi mwanamume wala mwanamke. Mhudumu ni yeyote, na karani ni yeyote. Kwa hiyo jinsia ikionekana kwenye tangazo la Kiswahili, kuna mtu aliyeitia kwa mkono wake. Zile orodha za maneno ya kuepuka zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza hazitakusaidia sana. Wewe tafuta nomino: msichana, kijana, mama, mwanamume, bwana.

### Wa wazi

Sheria ya Kenya ipo na haina mafumbo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi tangu kwenye kuajiri, kwa misingi ya jinsia, lugha, dini, asili ya kikabila au ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya virusi vya ukimwi na mingineyo. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inaongeza umri, hali ya ndoa na mavazi, na inambana mtu binafsi kama inavyoibana serikali. Kesi ikifika mahakamani chini ya kifungu hicho cha 5, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi ni wa mwajiri. Tangazo lililoandika "msichana, miaka 20 hadi 27" ni ushahidi ulioutia saini mwenyewe.

Kuna mlango ulioachwa wazi: sharti linalotokana na asili ya kazi yenyewe. Anayewapekua wanawake mlangoni atakuwa mwanamke, na hilo linaeleweka. Kupokea wageni hakumo. "Sura ya kuvutia" na "picha ya mwili mzima" hazimo kabisa, na nakuambia kindugu: mabinti wengi wa hapa wakiona ombi la picha ya mwili mzima hawafikirii kazi, wanafikiria usalama wao. Ami alishtuka nilipomwambia. Yeye alikuwa amenakili tu.

Kwa hiyo "msichana", umri, sura, picha na watoto, vyote vitano nikavipiga mstari. Hofu ya kuchelewa ilibaki, nayo ikaandikwa kama saa: "zamu inaanza saa moja kamili asubuhi."

### Wa kujificha

Huu ni mgumu zaidi, maana maneno yake huonekana safi. Chukua sharti moja moja uulize: ni kundi gani la watu litakaloanguka kwa wingi hapa, ingawa wanaiweza kazi?

"Wakaazi wa Shela watapewa kipaumbele" linaonekana kama ukarimu wa mtaa. Lakini linamfungia nje mtu wa mtaa wa Mkomani, Lamu mjini, anayeweza kutembea ufukweni kwa muda usiofika saa moja, na linamfungia aliyehamia majuzi kutoka bara, hata kama anaishi mlango wa pili, kwa sababu yeye husoma "wakaazi" kama "wenyeji wa asili". Hofu ilikuwa boti za alfajiri. Tukaandika: "boti ya kutoka Lamu mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi inalipiwa na gesti." Gharama ni ndogo, na idadi ya wanaoweza kuomba inaongezeka mara kadhaa.

La pili halikuwamo kwenye rasimu kabisa, na hilo ndilo lililonifundisha zaidi. Gesti huuza bia kwa wageni. Katika mji huu wapo wengi wasioshika pombe kwa ajili ya dini yao, na tangazo lilinyamaza. Kunyamaza hapa kunafukuza pande mbili: anayejua kwamba gesti huuza bia anadhani atalazimishwa kuipeleka mezani, basi haombi, asiyejua anaomba, anaajiriwa, anaondoka wiki ya pili. Nilirudi kwenye orodha ya hatua ya 1. Je, wa mapokezi hubeba bia? Dada wa usafi akacheka: "Kazi ya mhudumu wa meza hiyo." Tukaongeza mstari mmoja: "kazi hii haihusu kuuza wala kubeba pombe."

Ingekuwa inahusu, ningeshauri mambo mawili kwa mpangilio: kwanza tazama kama kazi hiyo inaweza kupewa mwingine bila gharama, isipowezekana, iseme wazi. Kuificha ndiko kubaya.

Tazama pia mavazi na saa. "Mwonekano wa kisasa" humwambia mwenye hijabu asijisumbue, basi andika sare ni ipi na kwamba mtandio unaruhusiwa. Zamu ikimeza adhuhuri ya Ijumaa, sema kama kuna nafasi ya kwenda kuswali.

Utajua umefaulu ukiweza kuwataja watu watatu halisi unaowajua, wasiofanana kwa jinsia, umri na mtaa, na hakuna sentensi inayomtoa yeyote kati yao ila kwa jambo la kazi.

## Hatua ya 5: Pima matarajio kwa saa na kwa shilingi

"Saa yoyote" maana yake nini? Mapokezi ya Ami yako wazi saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Hizo ni saa 14. Zidisha kwa siku saba, upate 98 kwa wiki, na rasimu ilikuwa inamtafuta mtu mmoja. Kisheria mfanyakazi ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini hata bila kufungua kitabu cha sheria, hesabu hii imejikataa.

Nilipomwonyesha, Ami akakumbuka kwamba alasiri na jioni mpwa wake ndiye hukaa pale, na usiku askari ana funguo. Kazi halisi ni zamu moja, saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku sita: saa 48. Neno "saa yoyote" lilikuwa limeifanya kazi ya kawaida ionekane utumwa.

Halafu mshahara. Ami alikuwa na shilingi 30,000 hadi 34,000 kichwani, na aliogopa kuziandika, eti majirani watajua. Nikamwambia watajua tu siku ya kwanza ya mshahara. Tangazo lenye "mshahara mnono" humleta anayetarajia 70,000 na kumtisha anayeshuku kwamba mnono ni 12,000. Barua tisa alizopata zilikuwa za hao wa kwanza, wenye digrii kutoka miji mikubwa. Weka chini ya masharti yako tarakimu ya mshahara na utazame: mtu mwenye yote haya, analipwa ngapi kwingine? Ikiwa ni zaidi, punguza masharti au ongeza pesa. Njia ya tatu sijaiona.

Pitia haraka mengine ya mkataba: muda wa majaribio usizidi miezi sita, likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi, na kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kama nyumba hufungwa msimu wa mvua, sema wakati huo mshahara unakuwaje. Kila mtu wa Lamu aliyefanya kazi ya hoteli atauliza hilo kwanza.

## Hatua ya 6: Punguza mzigo wa kuomba

Cheti cha tabia njema kina ada na alama za vidole, na mtu asiye na kazi atafikiri mara mbili kuzilipia barua ambayo huenda isisomwe. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kudai vyeti vya namna hiyo kabla hajakusudia kuingia mkataba wa maandishi na mwombaji. Hofu ya wizi ni halali. Cheti kiombwe kwa yule mmoja uliyemchagua.

Nakala za kitambulisho na vyeti vyote navyo ngoja. Ukishazikusanya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uchukue zile tu unazozihitaji na uzitunze. Simu ya Ami ilikuwa na vitambulisho vya watu tisa, na wajukuu huichezea.

Zilizobaki: jina, namba ya simu, na aya moja ya kazi alizofanya. Kuandika au kutuma sauti, vyote sawa, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kusema na watu.

## Hatua ya 7: Msomee mtu unayemtaka

Usimpe rafiki mwenye elimu zaidi yako, atasifu lugha. Mpe mtu anayeiweza kazi lakini ana shaka na nafsi yake. Mwache asome peke yake, kisha muulize maswali matatu tu: hapa mtu anafanya nini kutwa? Ungeomba? Ni wapi uliposita?

Mahali aliposita ndipo pa kurekebisha, hata kama unaona sentensi ni nzuri. Usimweleze. Tangazo likitoka hutakuwapo kulieleza.

Yule kijana wa Excel alisita penye "kumpokea mgeni jetini". Aliuliza, akiwa jetini nani yuko mezani? Swali zuri kuliko yangu yote. Ikabidi turudi kwa Ami, na jibu (dada wa usafi hushika simu) likaingia.

## Tangazo lilivyotoka

> KAZI YA MAPOKEZI, GESTI YA VYUMBA 8, SHELA. Utajibu ujumbe wa wageni, utawapokea jetini (mwenzako atashika simu) na kuwaonyesha vyumba ndani ya dakika 15, utapanga boti za Manda, utapokea malipo na kufunga hesabu ya zamu. Siku nyingine ndege huchelewa na makundi mawili hufika pamoja kwa boti moja.
>
> Siku ya kwanza uwe unaweza: kuzungumza na kuandika Kiingereza na mgeni, kulinganisha pesa na risiti, kuingiza majina, tarehe na malipo kwenye jedwali la Excel lililokwisha tengenezwa, kufika saa moja kamili asubuhi. Mengine tutakufundisha. Kiitaliano au Kifaransa ni faida, si sharti.
>
> Saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku sita kwa wiki. Ijumaa kuna nafasi ya kuswali. Boti ya kutoka Lamu mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunalipia. Sare tunatoa, mtandio unaruhusiwa. Kazi haihusu kuuza wala kubeba pombe. Shilingi 30,000 hadi 34,000 kwa mwezi. Mkataba wa mwaka mmoja. Desemba hadi Machi hakuna likizo. Mei gesti hufungwa, nao ndio mwezi wa likizo yenye malipo.
>
> Tuma jina, simu na maelezo mafupi ya kazi ulizofanya, kwa maandishi au sauti. Vyeti tutamwomba atakayechaguliwa. Hatupokei malipo yoyote kwa kuomba kazi.

Ni refu zaidi ya rasimu, na hilo huwasumbua wengi wanaolinganisha. Lirefushe tu panapohusu kazi, saa na pesa. Palipohusu sifa za mtu limefupika.

## Baada ya kulitoa

Weka daftari dogo kando ya simu na uandike kila swali linalopigiwa. Swali moja likija mara tatu, kuna mstari umepungua kwenye tangazo, liongeze siku hiyo hiyo. Kwa Ami swali lilikuwa chakula: je, cha mchana kinatolewa? Kinatolewa. Hakuna aliyefikiria kukiandika.

Barua 20 za kwanza zisome kwa jambo moja: wangapi wana zile S nne? Wakiwa chini ya robo, tazama tena hatua ya 3, kuna neno linalowapotosha. Wakiwa wote ni wa mtaa mmoja au jinsia moja, tazama lilikopelekwa kabla ya kulilaumu; Ami alikuwa amelituma kwenye makundi mawili tu, yote ya wanaume wa boti. Tulipolibandika kwenye mbao za matangazo za mjini na kwenye kundi la akina mama wa chama, barua zikachanganyika.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Rasimu ya kwanza haifi. Bado inazunguka kwenye simu za watu, na kuna wanaopiga wakiuliza kama ni kweli inatakiwa picha. Tia tarehe juu ya tangazo jipya, na mstari mmoja chini yake: "Tangazo hili linachukua nafasi ya lile la awali." Kisha ingia kwenye yale makundi ulikolitupia la zamani, ulibandike jipya humo humo.